Kelele nyeupe kwenye wastani unaosogea: kwa nini kuchuja mara ya pili hakupunguzi kama mara ya kwanza

*"Shikamoo mwalimu. Nasoma uhandisi wa elektroniki, mwaka wa tatu. Nina sensa ya mgandamizo chini ya tangi la maji, naisoma kwa Arduino mara 200 kwa sekunde. Maji yakitulia napata wastani 512 na variansi 36, na spektra iko tambarare, kwa hiyo nimeichukulia kuwa kelele nyeupe. Nikaipitisha kwenye kichujio cha wastani wa sampuli 4: wastani 512, variansi 9, safi kabisa. Nikapitisha tena kwenye kichujio kilekile nikitegemea 2.25, napata 6.2. Spektra nayo imeharibika: ina shimo kwenye 50 Hz na jingine kwenye 100 Hz, na mnara mrefu kwenye sifuri. Msimamizi wa mradi anataka wastani, variansi na spektra ya nguvu ya matokeo. Nimekosea wapi?"*

Marahaba. Vipimo vyako viko sawa, na hiyo 6.2 ndiyo namba iliyopaswa kutoka. Ulichokosea ni dhana moja tu: umechukulia kwamba kelele nyeupe ikishapita kwenye kichujio inatoka bado nyeupe. Haitoki hivyo. Variansi iliyokushangaza na mashimo ya kwenye spektra ni jambo moja hilohilo, umeliona kutoka pande mbili. Twende taratibu na namba zako mwenyewe.

Wastani hauna ugomvi. Kichujio chako kinafanya hivi:

```
y[n] = (x[n] + x[n-1] + x[n-2] + x[n-3]) / 4
```

Kila sampuli inazidishwa kwa robo, na robo nne zinatimia 1. Kwa hiyo wastani wa kinachotoka ni 512 × 1, yaani 512. Hapa hatuhitaji hata kujua kama kelele ni nyeupe. Wastani wa jumla ni jumla ya wastani, iwe sampuli zina undugu au hazina. Mnara ulio kwenye sifuri ni wastani huohuo. Nguvu yake ni 512 × 512, yaani 262,144, nao umesimama karibu na kelele yenye variansi 36, kwa hiyo lazima uimeze picha nzima. Hata spektra ya data ghafi inao, ila pengine programu uliyotumia mara ya kwanza iliutoa bila kukuambia. Ondoa wastani kwenye data kabla ya kuchora spektra, kisha uutaje peke yake kwenye ripoti.

Kwenye variansi ndipo weupe wa kelele unapofanya kazi yake. Ukizidisha sampuli kwa robo, variansi yake inazidishwa kwa robo ya robo, yaani 1/16. Ukijumlisha sampuli nne, variansi ya jumla ni variansi zao nne pamoja na kovariansi za kila jozi. Kelele ikiwa nyeupe, sampuli ya sasa haijui lolote kuhusu iliyopita, kwa hiyo kovariansi zote ni sifuri na zinabaki zile nne tu: 4 × 36/16 = 9. Kwa dirisha la sampuli M unapata variansi ya mwanzo ikigawanywa kwa M. Kanuni hii umeikariri vizuri. Ulichosahau ni sharti lake, kwamba zile kovariansi zote ziwe sifuri.

Sasa ziangalie sampuli mbili zinazofuatana baada ya kichujio. y[10] imetengenezwa kwa x[10], x[9], x[8] na x[7]. y[11] imetengenezwa kwa x[11], x[10], x[9] na x[8]. Zimechangia sampuli tatu kati ya nne! Kovariansi yao inatoka kwenye zile tatu za pamoja peke yake: 3 × 36/16 = 6.75. Zinazoachana kwa hatua mbili zinachangia sampuli mbili, kovariansi 4.5. Zinazoachana kwa hatua tatu zinachangia moja, 2.25. Ukifika hatua ya nne hakuna cha pamoja tena, kovariansi ni sifuri. Ukizichora kwa pande zote mbili unapata pembetatu yenye kilele cha 9 katikati, inayoshuka kwa mstari ulionyooka hadi sifuri.

Kichujio cha pili kinapokea data hiyo yenye undugu. Kinafanya kazi kama hakimu anayeita mashahidi wanne, kumbe wamekwisha kusimuliana habari nje ya mahakama: wako wanne kwa hesabu, lakini ushahidi wao haufikii ushahidi wa watu wanne. Hesabu yake ni hii. Variansi nne za 9 zinatoa 36. Jozi zinazofuatana ziko tatu, za hatua mbili ziko mbili, ya hatua tatu ni moja, na kila jozi inahesabiwa mara mbili: 2 × (3 × 6.75 + 2 × 4.5 + 2.25) = 63. Jumla ni 99, gawanya kwa 16, unapata 6.1875. Ndiyo 6.2 yako.

Ukitaka kuhakikisha kwa njia nyingine, unganisha vichujio viwili viwe kimoja. Robo nne zikipita kwenye robo nne zinazaa vizidishi saba: 1, 2, 3, 4, 3, 2, 1, kila kimoja juu ya 16. Jumla ya vipeo vyao vya pili ni 44, juu ya 256. Zidisha kwa 36, ni 6.1875 tena. Hii ndiyo njia ninayokushauri uishike, maana inafaa kwa kichujio chochote cha aina hii: rudi kwenye kelele nyeupe ya mwanzo, tafuta vizidishi vya mfumo mzima, jumlisha vipeo vyao vya pili, zidisha kwa variansi ya mwanzo. Usitembee na variansi kutoka kichujio kimoja hadi kingine.

Tuje kwenye spektra. Spektra ya nguvu inaeleza variansi imegawanyika vipi kwenye masafa. Unasoma mara 200 kwa sekunde, kwa hiyo masafa yako yanaanzia 0 hadi 100 Hz. Kelele nyeupe yenye variansi 36 imetandazwa sawasawa humo: 36/100, yaani 0.36 kwa kila Hz, kila mahali. Kichujio kinazidisha kila masafa kwa kipimo chake, na kwa wastani unaosogea kipimo hicho cha nguvu ni:

```
|H(f)|² = [ sin(π f M / fs) / (M sin(π f / fs)) ]²
```

Weka M = 4 na fs = 200. Karibu na sifuri kipimo ni 1, spektra inabaki 0.36. Kwenye 25 Hz ni 0.427, spektra imeshuka hadi 0.154. Kwenye 50 Hz sini ya juu inakuwa sifuri, hakuna kinachopita. Halafu inanyanyuka tena kidogo: karibu na 73 Hz kuna nundu inayopitisha asilimia 7.4 ya nguvu, kisha inazama tena sifuri kwenye 100 Hz. Hicho ndicho ulichokiona ukadhani spektra imeharibika. Mashimo hayo hayakuwa kwenye kelele yako. Yametobolewa na kichujio, na yangetokea palepale hata kama sensa ingekuwa mezani bila maji wala nyaya za umeme karibu.

Ukijumlisha eneo lote lililo chini ya mchoro huo, kutoka 0 hadi 100 Hz, lazima upate 9. Kichujio kimeacha kelele nyingi kiasi cha ile ambayo ingepita kwenye mlango ulionyooka wenye upana wa 25 Hz, maana 0.36 × 25 = 9. Sasa tatizo lako la mara ya pili linaonekana kwa macho. Kichujio cha kwanza kilikwisha kuondoa sehemu kubwa ya masafa ya juu. Cha pili kinakwenda kukata palepale palipokwisha kukatwa, na kile kilichobaki karibu na sifuri kinakiacha kipite karibu chote. Hakina kelele ya kutosha ya kuondoa ili kufika 2.25.

Na zile kovariansi za pembetatu hazikuwa hesabu ya pembeni. Chukua 9, ongeza mara mbili ya kila kovariansi ikizidishwa kwa kosini ya hatua yake, gawanya jumla kwa 100, na spektra inatoka yenyewe. Jaribu kwenye 50 Hz, ambapo kila hatua ni robo ya mzunguko: kosini za hatua ya kwanza na ya tatu ni sifuri, ya pili ni hasi moja, kwa hiyo 9 − 9 = 0. Shimo lako hilo, limepatikana bila kugusa fomula ya sini. Ukiwa na nafasi kwenye ripoti, weka hesabu hii, kwa sababu inamwonyesha msimamizi kwamba variansi na spektra umezipata kutoka chanzo kimoja.

Kuhusu 50 Hz kuwa ndiyo masafa ya umeme wetu wa gridi: ni bahati nzuri, na unaweza kuitumia. Sampuli 4 kwa mwendo wa 200 kwa sekunde ni milisekunde 20, mzunguko mmoja kamili wa umeme, na wastani wa mzunguko kamili ni sifuri. Mvumo wa umeme ukiingia kwenye waya wa sensa unafutwa. Hata masafa ya gridi yakiteleza hadi 49.5 Hz, kinachobaki ni kama asilimia 1.1 ya ukubwa wake. Lakini hili linasimama tu kama kweli unasoma mara 200 kwa sekunde. Wengi huandika `delay(5)` ndani ya `loop()` wakaamini wanasoma kila milisekunde 5, wakasahau kwamba `analogRead()` kwenye bodi kama Uno inachukua kama mikrosekunde 100, na kutuma namba kwa `Serial` kunaongeza wakati wake. Kipindi halisi kikiwa milisekunde 5.3, unasoma kama mara 189 kwa sekunde na shimo limehamia 47.2 Hz, huku mchoro wako bado unaandika 50 kwa sababu uliuambia fs ni 200. Rekodi wakati kwa `micros()` pamoja na kila sampuli, utajua.

Sasa, ufanye nini? Kama unachotaka ni variansi 2.25, tumia dirisha moja la sampuli 16. Unapata 36/16 bila mjadala, mashimo yanakaa kila 12.5 Hz na 50 Hz imo, gharama ni ucheleweshaji wa sampuli 7.5, yaani milisekunde 37.5. Kwa tangi la maji huo si ucheleweshaji. Mimi kwa kazi hii ningekwenda hata sampuli 200: variansi 0.18, kuchelewa karibu nusu sekunde, na hakuna tangi la nyumbani linalojaa kwa kasi ya kulalamikia nusu sekunde.

Lakini usitupe kichujio cha mara mbili kana kwamba hakina maana. Kwa kupunguza variansi ya kelele nyeupe kinashindwa: kinatumia sampuli saba na kinatoa 6.19, wakati wastani wa kawaida wa sampuli saba unatoa 36/7, yaani 5.14. Kati ya vichujio vyote vyenye vizidishi saba vinavyotimia 1, vizidishi vilivyo sawa ndivyo vinavyotoa variansi ndogo kuliko vyote. Faida ya kupita mara mbili iko kwenye ile nundu ya 73 Hz, ambayo inashuka kutoka asilimia 7.4 hadi karibu nusu asilimia. Nundu hiyo huwezi kuiua kwa kurefusha dirisha; ukiongeza M inasogea karibu na sifuri, lakini urefu wake unatulia kwenye desibeli 13 hivi chini ya kilele. Kwa hiyo kama una pampu inayotetemesha tangi kwa masafa ya juu yasiyoangukia shimo lolote, kupita mara mbili kunasaidia. Kama adui ni kelele nyeupe tu, refusha dirisha.

Angalia pia mtego huu kabla hujaandika usahihi wa kipimo chako. Umechukua, tuseme, sampuli 20,000 zilizochujwa, ukakokotoa kosa la wastani kwa kipeuo cha pili cha 9/20,000, ukapata 0.021. Si kweli. Sampuli zako zilizochujwa zina undugu, na kosa halisi la wastani ni lilelile la data ghafi, kipeuo cha 36/20,000, yaani 0.042. Kichujio kimelainisha mchoro, lakini hakikukuletea habari mpya kuhusu kina cha maji.

Ili uone haya yote bila sensa, tengeneza kelele kwenye kompyuta:

```python
import numpy as np
from scipy.signal import welch

rng = np.random.default_rng(7)
x = 512 + 6*rng.standard_normal(200_000)
h = np.ones(4)/4
y = np.convolve(x, h, mode="valid")
z = np.convolve(y, h, mode="valid")
print(x.var(), y.var(), z.var())
f, S = welch(y, fs=200, nperseg=1024)
```

Zitatoka namba zilizo karibu na 36, 9 na 6.19. Neno `valid` usilibadilishe ovyo. Ukiacha `np.convolve` ifanye kwa namna yake ya kawaida, inajaza sifuri kabla na baada ya data, na sampuli za mwanzo zinatoka 128, 256, 384 kabla ya kufika 512. Sampuli hizo tatu na wenzao watatu wa mwisho, ndani ya rekodi ya 20,000, zinaongeza karibu 23 kwenye variansi, na badala ya 9 unasoma 32. Nimewaona wanafunzi wakilaumu nadharia kwa sababu ya sampuli sita.

`welch` nayo ina sababu. Inakata data vipande, inachukua spektra ya kila kipande na kuzifanyia wastani. Pia inaondoa wastani wa kila kipande, kwa hiyo mnara unatoweka. Ukichukua spektra ya rekodi nzima kwa mkupuo mmoja utapata mchoro wenye miiba, na kurefusha rekodi hakuifupishi miiba hiyo hata kidogo, kunaiongeza idadi tu. Hapo ndipo mtu anadhani kelele yake si nyeupe.

Kwenye Arduino yenyewe kuna mtego mwingine mdogo. Ukijumlisha namba nzima nne na kugawanya kwa 4 kwa `int`, desimali inakatwa, kila mara kuelekea chini. Kinachokatwa ni 0, 0.25, 0.5 au 0.75, kwa wastani 0.375, kwa hiyo utasoma wastani 511.6 badala ya 512; ukipita mara mbili, 511.25. Ukiona wastani umeshuka hivyo, usitafute kosa kwenye sensa. Tunza jumla bila kuigawanya, au tumia `float`.

Mwisho, usiamini weupe wa kelele yako kwa kutazama mchoro tu. Chukua data ghafi ya sampuli 20,000, toa wastani, kokotoa kovariansi ya hatua ya kwanza na uigawanye kwa variansi. Kelele nyeupe inatakiwa itoe namba iliyo ndani ya 0.014 kutoka sifuri, juu au chini. Kisha jaribu madirisha ya 4, 16 na 64. Variansi ikifuata 9, 2.25 na 0.56, uko salama. Ikigoma kushuka, tuseme inakwama kwenye 1.5 hata ukirefusha dirisha, basi kuna mteremko wa polepole ndani ya data: joto linabadilika, volti ya rejea inatembea, au maji hayajatulia kama unavyodhani. Wastani unaosogea unapitisha masafa ya chini karibu yote, kwa hiyo hauwezi kukuondolea hilo.

Ukifika hapo, mimi kwa maandishi sitakufaa sana. Beba bodi, sensa na waya zake zilezile unazotumia kwenye tangi, nenda maabara ya chuo, mwombe fundi maabara muweke osiloskopu kwenye waya wa 5 V na kwenye waya wa sensa kwa wakati mmoja, pampu ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa. Kama waya wa 5 V unayumba pamoja na kipimo chako, tatizo ni la usambazaji wa umeme kwenye bodi, na dawa yake ni kapasita na waya wa ardhi ulio mfupi, kabla hujagusa kichujio.